Jina Moja, Wenye Matawi Wengi: Kuchagua Jina la Biashara ya Franchaizi

Mwaka 1957 familia moja katika mji mdogo wa Mattoon, jimbo la Illinois nchini Marekani, ilifungua mgahawa wa baga na kuuita Burger King. Haikujua kwamba mbali kusini, Florida, kulikuwa na kampuni yenye jina hilohilo iliyokwisha kuanza kufungua migahawa yake. Miaka michache baadaye kampuni ile ya Florida iliingia Illinois, ikasajili jina lake kwa ngazi ya taifa, na ugomvi ukafika mahakamani. Hukumu ya rufaa ilitoka mwaka 1968. Kampuni ilipewa haki ya jina nchini kote, Illinois ikiwemo, lakini si Mattoon wala eneo la maili 20 kuuzunguka mji huo, yaani kama kilomita 32. Humo, Burger King ikabaki ile ya familia.

Kwa mwenye duka moja, kisa hiki ni cha kuchekesha tu. Kwa anayetaka kuuza franchaizi ni jambo zito, kwa sababu jina ndilo bidhaa yake ya kwanza. Katika mfumo huu mwenye biashara hafungui matawi kwa mtaji wake. Anawapa watu wengine, katika miji mingine, ruhusa ya kutumia jina lake na utaratibu wake wa kazi, nao wanamlipa ada ya kuingia na kisha mrabaha, ambao kwa kawaida ni asilimia fulani ya mauzo. Mwenye tawi ananunua mashine, anapanga fremu na kuajiri watu kwa fedha yake. Akifika mjini kwake akakuta jina alilolilipia lina mwenyewe, hana alichonunua.

Wengi wanapotafuta jina litakalosafiri hadi miji mingine huanza na uzuri: litamkike vizuri, livutie, lisiwe refu. Hayo yana nafasi yake na nitayafikia. Lakini mimi huanza na swali lisilopendeza: mwenye tawi akigombana nawe na kuvunja mkataba, atalazimika kwenda mbali kiasi gani na jina lako? Swali hilo moja linachuja majina kuliko vikao kumi vya kubuni.

Tuchukue mfano wa kubuni na tuufuate mpaka mwisho. Kuna dobi mwenye maduka yake matatu ya kufua na kupiga pasi, yote katika mji mmoja, yakiitwa Dobi Safi. Yanakwenda vizuri. Watu wa miji mingine wameanza kumwomba awape haki ya kufungua, naye anaona atafika miji mitano ndani ya miaka michache, mmoja kati yake ukiwa ng'ambo ya mpaka.

Dobi Safi ni jina la maelezo: linasema kazi ni nini na inafanywaje. Mjini kwake limemsaidia, maana mpita njia haulizi humo ndani mnafanya nini. Lakini ofisi za usajili wa alama za biashara, karibu popote duniani, husita kumpa mtu mmoja miliki ya maneno ambayo kila mfanyabiashara wa kazi hiyo anayahitaji. Dobi yeyote ana haki ya kusema kwamba yeye ni dobi na kwamba ni safi. Hata likikubaliwa kwa sababu limetumika miaka mingi na watu wamelizoea, kinga yake ni nyembamba, tena mazoea hayo yako katika mji mmoja tu. Sasa rudi kwenye lile swali. Mwenye tawi aliyeondoka ataongeza neno moja, ataandika Dobi Safi Zaidi, na wateja wataendelea kuleta nguo mlango uleule. Ametoka katika mkataba bila kutoka katika jina.

Wanasheria wa alama hupanga majina kwa ngazi. Chini kabisa ni jina la kitu chenyewe, ambalo halimilikiki na yeyote. Juu yake ni majina ya maelezo kama hili. Kisha yanakuja majina ya kudokeza, yanayomfanya mteja afikiri kidogo kabla ya kuona uhusiano wake na kazi. Juu zaidi ni maneno ya kawaida yaliyochukuliwa kutoka mahali pasipohusiana na biashara hiyo, na juu kabisa ni maneno yaliyobuniwa yasiyokuwa na maana popote. Kadiri unavyopanda ndivyo umiliki unavyokuwa imara, na ndivyo gharama ya kuwafundisha watu jina hilo ni la nini inavyoongezeka. Gharama hiyo ya mafunzo, katika franchaizi, hulipwa upya katika kila mji. Ndiyo maana ninaona ngazi ya kudokeza inafaa zaidi kwa anayeanza na matawi machache. Neno la kubuni tupu huhitaji matangazo ambayo wenye matawi watano hawawezi kuyabeba.

Wazo la pili linalomjia dobi wetu ni kutumia jina lake mwenyewe, au la mama yake. Hapa historia ina visa viwili vya kumfikirisha. Mwaka 1960 ndugu wawili walinunua duka la piza huko Ypsilanti, Michigan, lililoitwa DomiNick's kwa jina la mmiliki wa awali. Mmoja wao akabaki na biashara, akafikisha maduka matatu, na alipotaka kuendelea kupanua, mwenye jina hakukubali liendelee kutumika. Mwaka 1965 ikabidi libadilishwe kuwa Domino's. Alibadilisha akiwa na maduka matatu tu. Angekuwa na mia tatu, angelipa zaidi ya mabango. Kisa cha pili kinakwenda upande mwingine. Ndugu wa McDonald waliuza haki zao zote mwaka 1961 kwa dola milioni 2.7, wakabaki na mgahawa wao wa kwanza huko San Bernardino. Lakini jina lao la ukoo lilikuwa limeuzwa, hivyo ikawabidi wauite mgahawa huo The Big M. Jina la mtu likishaingia katika mikataba ya watu wengine, haliko tena mikononi mwa mtu huyo, na yeye mwenyewe anaweza kujikuta hana ruhusa ya kulitumia.

Kuna tatizo dogo zaidi ambalo visa hivyo haviligusi. Mteja wa mji wa mbali anapoona duka lenye jina la mtu hutegemea kumkuta mtu huyo, au jamaa yake. Mwenye tawi atakuwa akieleza kila siku kwamba yeye siye. Jina la mahali lina kasoro hiyohiyo: dobi akijiita kwa mtaa wake, mji wa pili utamwona mgeni hata kabla hajafungua.

Ahadi za bei na saa nazo zisiingie katika jina. Motel 6 ilipoanza mwaka 1962 huko Santa Barbara, ile sita ilikuwa dola sita kwa usiku. 7-Eleven ilipewa jina hilo mwaka 1946 kwa kuwa ilifunguliwa saa moja asubuhi hadi saa tano usiku. Majina yote mawili yamedumu baada ya maana kupotea, kwa hiyo si msiba. Ila mwenye tawi anayelipa kodi ya pango mara mbili ya mwenzake asifungwe na namba iliyoandikwa juu ya mlango wake.

Dobi wetu ameshaacha Dobi Safi. Kwenye karatasi yake yamebaki majina matatu: Nyota, Theluthi na Yangeyange. Nyota ni zuri, fupi, kila mtu analijua, na kwa sababu hizohizo limeshachukuliwa mara nyingi. Ukitafuta katika daftari lolote la alama utalikuta kwenye bidhaa za kila aina. Hata likipatikana wazi kwa udobi, litakuwa limezungukwa na majirani, na kila mji mpya utaleta Nyota nyingine. Analifuta.

Theluthi ndilo linalompendeza zaidi, kwa kuwa halina uhusiano na nguo na linasikika kwa heshima. Tatizo lake linaonekana likitoka kwenye karatasi. Mtihani wake ni rahisi: mpigie simu mtu asiyejua habari hizi, mtajie jina mara moja, mwombe aliandike na kukutumia. Wapo watakaoandika Theluthi, na wapo watakaoandika Selusi, Theruthi au Seluthi. Waswahili wa sehemu mbalimbali hawatamki sawa th, dh na gh, na wengine hubadilishana l na r bila wao kujali. Mjini kwa mwenye jina haya hayaonekani, kwa sababu wote husema namna moja na bango wanaliona kila siku. Mji wa tatu unapofika, mteja anatafuta kwenye simu kile alichokisikia, na anachokisikia si kile kilichosajiliwa.

Subway waliionja adha hii mapema. Duka lao la kwanza, lililofunguliwa mwaka 1965 huko Bridgeport, Connecticut, liliitwa Pete's Super Submarines. Redioni, kwa maelezo ya kampuni yenyewe, Pete's Submarines ilisikika kama “pizza marines”, na watu wakadhani ni duka la piza. Jina likafupishwa kabla hawajaanza kuuza franchaizi mwaka 1974.

Linabaki Yangeyange, jina la ndege mweupe. Ni la kudokeza: anayemjua ndege atauona weupe wa shuka, asiyemjua atakuwa na neno la kukumbuka. Halina th wala gh, halina l wala r. Katika mtihani wa simu wengi wanaliandika sawa. Wachache wanaandika Yange Yange kwa maneno mawili au Yangiyangi. Kosa la aina hiyo linavumilika, kwa sababu haliwapeleki kwenye neno lingine lenye maana, na anwani za tovuti za tahajia hizo mbili zinaweza kuchukuliwa pia na kuelekezwa kunakostahili.

Sasa ndipo kazi ya kuchosha inapoanza. Watu wengi hutazama daftari la makampuni, wakiona jina halipo wanashangilia. Daftari la makampuni huzuia tu kampuni mbili kusajiliwa kwa jina moja. Halimpi mtu haki ya kumzuia mwingine kuandika jina hilo kwenye bango. Haki hiyo inatoka kwenye alama ya biashara, ambayo ina ofisi au daftari lake. Alama husajiliwa kwa madaraja ya bidhaa na huduma, na nchi nyingi hufuata mpangilio wa Nice wenye madaraja 45: la 1 hadi 34 ni bidhaa, la 35 hadi 45 ni huduma. Ufuaji nguo uko daraja la 37. Dobi akifikiri kwamba siku moja matawi yatauza sabuni yenye jina lake, basi atazame pia daraja la 3. Domino's walijifunza kwa taabu kwamba bidhaa nyingine nazo zina wenye majina: kampuni ya sukari yenye alama ya Domino iliwashtaki, mahakama ya kwanza ikaipa ushindi, na ni rufaa ya mwaka 1980 iliyowaokoa. Walishinda, ila mtu anayeuza franchaizi huku kesi ya jina ikiendelea ana kazi ngumu ya kumshawishi mteja atie saini.

Kutafuta kwa jina kamili hakutoshi. Msajili na mahakama hupima kufanana kwa macho, kwa masikio na kwa maana, kwa hiyo dobi anatafuta Yange, Yangi na Yangeyangi, na pia alama zenye picha ya ndege mweupe. Hifadhidata ya alama ya shirika la miliki ubunifu duniani, WIPO, ni ya bure na inaonyesha madaftari ya nchi nyingi kwa pamoja, ingawa si zote. Daftari la nchi yenyewe ndilo la kuaminiwa.

Halafu kuna kile ambacho daftari halina, na Mattoon inarudi hapa. Katika nchi nyingi, aliyelitumia jina mahali fulani kwa uaminifu kabla yako ana haki pale alipo hata kama hakusajili kitu. Kwa hiyo miji mitano inatafutwa mmoja mmoja: kwenye ramani ya simu, kwenye kurasa za mitandao, kwa kumpigia mtu aliyeko huko, na ikiwezekana kwa kupita kwa miguu barabara za maduka. Tuseme dobi wetu anakuta mambo mawili. Mji wa pili una saluni ya nywele iitwayo Yangeyange. Mji wa nne una kijana anayesafisha mazulia kwa jina la Yange.

Saluni haitishi. Huduma ni tofauti, mteja hawezi kupeleka shuka saluni akidhani ni hapo. Tatizo litakuwa la utafutaji tu, na linatibika kwa kuandika jina pamoja na kazi: Yangeyange Udobi.

Kijana wa mazulia ni habari nyingine. Sehemu ya mbele ya jina ni ileile, na kusafisha mazulia kuko jirani kabisa na kufua nguo, daraja lilelile. Dobi ana njia nne. Anaweza kuliacha jina. Anaweza kuuacha mji ule nje ya mpango wake, kama ilivyotokea Mattoon, ila kwa hiari. Anaweza kumlipa kijana abadilishe jina, na malipo hayo ni madogo kabla ya franchaizi kujulikana kuliko baadaye. Au amfanye kijana huyo kuwa mwenye tawi wa mji huo, kwa masharti kwamba jina Yange linahamishiwa kwa mwenye alama kwa maandishi. Njia ya mwisho ndiyo ningeijaribu kwanza, ingawa haifai kama kijana hana mtaji wala hamu ya udobi. Kisichofaa kabisa ni ya tano, inayochaguliwa na wengi: kunyamaza na kuomba asigundue.

Kampuni kubwa nazo zimewahi kuukuta mlango umefungwa. Burger King ilipotaka kuingia Australia mwaka 1971, jina lilikuwa tayari limesajiliwa na duka moja la Adelaide. Mwenye franchaizi wa huko akafungua kwa jina Hungry Jack's, lililokuwa alama ya kampuni mama kwa bidhaa nyingine. Usajili wa yule wa Adelaide ulipokuja kukoma, kampuni ilijaribu kufungua migahawa ya Burger King kandokando ya Hungry Jack's. Kesi ikafuata, mwenye franchaizi akashinda, na migahawa ile ya Burger King ikageuzwa kuwa Hungry Jack's. Jina la akiba, likitumiwa miaka ya kutosha na mtu mwingine, linaota mizizi yake lenyewe.

Mji ule wa ng'ambo ya mpaka unahitaji usajili wake, kwa kuwa alama haivuki mpaka. Ukishawasilisha ombi nchini kwako, mkataba wa Paris unakupa miezi sita ya kuwasilisha katika nchi nyingine wanachama na kuhesabiwa kana kwamba uliwasilisha siku ileile ya kwanza. Mfumo wa Madrid unaruhusu ombi moja kwa nchi nyingi zilizojiunga. Hapa ndipo panapotokea kosa linaloumiza kuliko yote: mwenye tawi wa nchi ile anajitolea kusajili jina mwenyewe, kwa jina lake, “ili kurahisisha mambo, mimi niko huku.” Pengine hana nia mbaya. Lakini kuanzia siku hiyo yeye ndiye mwenye jina nchini mwake, na wewe ndiwe unayehitaji ruhusa. Alama isajiliwe kwa jina la kampuni inayotoa franchaizi, kila mahali, na ombi liwe limewasilishwa kabla ya mkataba wa kwanza kutiwa saini.

Mkataba nao una mambo machache ya jina ambayo ni rahisi kuyaruka. Kampuni ya mwenye tawi isibebe jina la alama. Aiite atakavyo, na bango ndilo lisome Yangeyange. Akisajili kampuni iitwayo Yangeyange ya mji fulani, basi siku ya kuachana utakuta jina lako kwenye leseni yake, akaunti yake ya benki na mikataba yake ya pango, na kulitoa kote huko ni kazi ya miezi. Jina la mji liongezwe nyuma kama anwani, kwa mpangilio mmoja kwa wote, bila mtu kubuni Yangeyange Spesho au Yangeyange Premia. Nembo na rangi zisibadilishwe, na ukaguzi wa ubora ufanyike kweli: katika baadhi ya nchi, mwenye alama anayekodisha jina bila kusimamia ubora anaweza kupoteza haki yake juu ya jina hilo.

Mwisho wa mkataba uandikwe kwa siku na kwa vitu, usiachwe kwa “kurudisha haki zote”. Bango linashuka lini, nani anapaka ukuta rangi nyingine, nani anafunga ukurasa wa mtandao wa tawi. Namba ya simu ndiyo inayosahauliwa zaidi, nayo ndiyo iliyoandikwa kwenye risiti za wateja wote wa mji ule na kwenye ramani. Isajiliwe kwa kampuni ya mwenye alama tangu tawi linapofunguliwa, na mwenye tawi awe mtumiaji wake tu, pamoja na ule ukurasa wa ramani.